Adhabu inakaa kwenye pesa ambayo hujalipa

Ukikaa na wafanyabiashara wenzako kuzungumzia mkataba wa muuzaji, swali la kwanza huwa ni la adhabu. Akichelewesha mzigo, tumkate kiasi gani? Mimi huanza na swali jingine: siku atakapochelewa, ni pesa yake kiasi gani itakuwa bado iko kwangu? Kama umeshamlipa yote, adhabu ya asilimia 1 na adhabu ya asilimia 50 ni kitu kimoja. Zote mbili utazidai kwa simu, na simu hiyo haitapokelewa.

Nafanya kazi kwenye biashara ndogo ya kufungasha asali hapa Tabora mjini. Asali inatoka Sikonge, Kaliua na Uyui, inafika kwenye ndoo za lita 20, tunaichuja, tunaijaza kwenye chupa, kisha inakwenda kwenye maduka ya Dodoma na Dar es Salaam. Ukipata wafugaji unaoaminiana nao, asali si tatizo. Tatizo ni chupa. Tunazinunua Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na tunazihitaji kwa wingi wakati uleule ambao wafungashaji wengine nao wanazihitaji, yaani mvua zikishakatika na mavuno yakaanza kuingia. Chupa zikichelewa, ndoo zinapangwa mpaka mlangoni, na mwenye duka kule Dodoma anajaza rafu yake kwa asali ya mtu mwingine. Rafu ikishachukuliwa, kuirudisha ni kazi ya msimu mzima.

Nitaeleza mkataba mmoja tu, wa seti 20,000 za chupa ya nusu kilo kwa shilingi 500 kila seti. Thamani yake ni shilingi 10,000,000. Si pesa ya kutisha, lakini kwetu ndiyo karibu mtaji wote wa vifungashio kwa msimu.

Mwenye kiwanda alitutumia karatasi yake ya kawaida, ukurasa mmoja na nusu. Malipo yote kabla ya uzalishaji. Mzigo kutoka kiwandani "ndani ya wiki 3 hadi 4". Pesa ikishalipwa hairudishwi. Basi. Kuhusu kuchelewa hapakuwa na neno, na kuhusu kuvunja mkataba hapakuwa na neno. Sikumwona kama tapeli. Mtu anayeuza chupa kwa wateja wa mikoani ameshapelekea watu mizigo wakanyamaza, na karatasi ile ilikuwa imeandikwa na machungu hayo. Ukijua mwenzako anaogopa nini, unajua pia nini unaweza kumpa bila wewe kuumia.

Kabla ya pesa, tulikaa kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka: mzigo "kufika" maana yake nini. Karatasi yake ilisema utatoka kiwandani. Sisi hatuhitaji utoke, tunahitaji uingie ghalani kwetu Ipuli. Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba muuzaji akishamkabidhi mzigo msafirishaji ili aupeleke kwa mnunuzi, amekwisha kuukabidhi kwa mnunuzi, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Kwa hiyo mkiuacha mkataba kimya, lori likilala Manyoni siku 5 hizo ni siku zako, si zake. Tuliandika kwamba tarehe ya kukabidhi ni tarehe mzigo unaposhushwa ghalani Tabora na kuhesabiwa, na kwamba lori analitafuta yeye. Alikubali, ila gharama ya usafiri ikawekwa wazi kwenye bei badala ya kubaki kitu cha kukisia.

Jambo la pili ni kile chenyewe kinachofika. Chupa ya asali haina faida bila kifuniko, na kifuniko hakifai bila ile karatasi ya ndani inayoziba mdomo. Viwanda vingi vya chupa havitengenezi vifuniko, vinanunua kwa mwingine. Hapo ndipo ucheleweshaji mwingi unapozaliwa. Chupa zinakuja kwa wakati, kubwa, nyingi, zinajaza ghala, na muuzaji anasema ameshatimiza. Tukaandika kwamba kinachonunuliwa ni seti, yaani chupa, kifuniko na kizibo cha ndani, na kwamba awamu haijafika mpaka seti zake zote zimefika. Kifungu hicho cha mstari mmoja kilikuja kutusaidia kuliko kurasa zote zilizofuata, nitafika huko.

Nidokeze na la ujazo, kwa faida ya anayeanza. Asali ni nzito kuliko maji karibu mara 1.4. Chupa ya nusu kilo ya asali ni ya mililita kama 360. Ukiagiza chupa ya mililita 500 kwa kudhani ni nusu kilo, utapata chupa inayobeba gramu 700, na ukijaza nusu kilo itaonekana imepunjwa. Kwenye mkataba andika yote mawili: mililita za chupa na gramu za asali itakayojazwa. Pia andika kama bei ina VAT ndani au nje. Shilingi 500 ambayo haina VAT ni shilingi 590 siku ya ankara, na kwa seti 20,000 hiyo ni shilingi 1,800,000 ambazo hukuzipangia.

Malipo

Yeye alitaka asilimia 100 mbele. Sisi tungependa kulipa baada ya siku 30, maana maduka yanatulipa sisi baada ya siku 30 hadi 60. Kati ya ncha hizo mbili ndipo mazungumzo yalipokaa kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tulianza kwa kugawa mzigo. Badala ya oda moja ya seti 20,000, tukaweka awamu tatu: seti 8,000 zifike tarehe 15 Mei, 6,000 tarehe 15 Juni na 6,000 tarehe 15 Julai. Kwa muuzaji hii ilikuwa nafuu pia, kwa sababu naye hanunui malighafi ya chupa 20,000 kwa mkupuo. Kwetu ilibadilisha hesabu yote ya malipo ya awali. Asilimia 30 ya oda nzima ni shilingi 3,000,000. Asilimia 30 ya awamu ya kwanza peke yake ni shilingi 1,200,000. Asilimia ni ileile, lakini siku kiwanda kikifunga mlango, kilichopotea ni chini ya nusu. Wanunuzi wadogo hubishana juu ya asilimia, kwamba iwe 30 au 40, wakati swali lenye pesa zaidi ni asilimia ya nini.

Kilichobaki cha kila awamu tukakigawa mara mbili. Asilimia 40 inalipwa mzigo ukishapakiwa, baada ya kupokea picha za maboksi na stakabadhi ya msafirishaji yenye idadi. Asilimia 30 ya mwisho inalipwa ndani ya siku 7 baada ya mzigo kuhesabiwa na kukaguliwa Tabora, pamoja na risiti ya EFD. Yaani yeye anapouachia mzigo kwenye lori ameshapata asilimia 70, inayomtosha kurudisha gharama zake za moja kwa moja, na kilichobaki kwetu ni faida yake na kidogo juu yake. Hofu yake kwamba tutapokea na kunyamaza ikapungua. Hofu yetu kwamba atalipwa na kunyamaza nayo ikapungua.

Kwa nini asilimia 30 na si 10, kama alivyopendekeza? Kwa sababu tulishajua kwamba adhabu ya kuchelewa tutaiwekea kikomo cha asilimia 10, na kuna uwezekano wa kukuta chupa mbovu za kukatwa pia. Ukibakiza asilimia 10 tu, mzigo uliochelewa na wenye kasoro utamaliza pesa yote uliyoshika, na muuzaji atakuwa hana sababu ya kushughulika nawe tena. Ni lazima baada ya makato yote kibaki kitu anachokitaka.

Lile la siku 30 tuliliacha kwa hesabu, si kwa kushindwa. Mwenye kiwanda alisema, "Dada, siku 30 nakupa, lakini seti itakuwa 540." Shilingi 40 mara 20,000 ni shilingi 800,000. Kwa bei hiyo tungekuwa tunanunua nini hasa? Kuchelewesha asilimia 30 ya mwisho, jumla shilingi 3,000,000 kwa awamu zote, kwa siku 23 zaidi. Mhasibu wetu akapiga hesabu ya mkopo wa SACCOS kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi: hata ukihesabu mwezi mzima ni shilingi 45,000. Tukamshukuru, tukabaki na siku 7. Muuzaji akikupa mkopo, riba imo ndani ya bei, na huwa haionekani mpaka uitoe uitazame peke yake.

Naye akaweka kifungu chake, na ni haki: tukichelewa kulipa zaidi ya siku hizo 7, anatudai asilimia 1 kwa wiki ya kiasi kilichochelewa, na tukipita siku 14 anaweza kusimamisha uzalishaji wa awamu inayofuata bila siku hizo kuhesabiwa kuwa kuchelewa kwake. Mnunuzi anayekataa kifungu cha namna hii anajitangaza.

Adhabu

Hapa sheria yetu ina jambo ambalo kila anayeandika mkataba anapaswa kulijua. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, hata kama hakuthibitisha hasara. Lisome mara mbili. Kiasi mlichoandika ni dari. Ukiandika adhabu kubwa ya kutisha, mahakama haifungwi kukupa yote, inakupa inachoona ni haki chini ya hapo. Ukiandika adhabu ndogo ya heshima, hasara yako ikiwa kubwa umejifungia mwenyewe. Kwa hiyo kiwango si cha kubuni wala cha kunakili kwenye mkataba wa mtu. Kinatoka kwenye hasara yako, na karatasi ya hesabu unaihifadhi.

Yetu ilikuwa hivi, kwa wiki moja ya kuchelewa kwa awamu ya kwanza. Wafungashaji watatu tunaowalipa wawepo au wasiwepo na kazi, shilingi 10,000 kwa siku kila mmoja, siku 6: shilingi 180,000. Mkopo wa shilingi 20,000,000 ulionunua asali iliyolala kwenye ndoo, kwa riba ileile ya asilimia 1.5 kwa mwezi: kama shilingi 75,000 kwa wiki. Chupa za dharura tunazonunua madukani kwa shilingi 700 ili angalau wateja wakubwa wasikose, chupa 700, kila moja ikizidi kwa shilingi 200: shilingi 140,000. Jumla ni shilingi 395,000. Awamu ya kwanza ina thamani ya shilingi 4,000,000, kwa hiyo wiki moja inatugharimu karibu asilimia 10 ya awamu, bado hatujahesabu rafu iliyopotea.

Alikuja na asilimia 1 kwa wiki. Tukamwonyesha karatasi. Sikumwomba aikubali kama ilivyo, nilitaka aione. Tulimaliza kwenye asilimia 1 kwa siku ya thamani ya awamu iliyochelewa, kuanzia siku ya nne, kikomo asilimia 10. Siku 3 za mwanzo ni za bure, kwa sababu lori linaweza kupata pancha na sote tunaishi Tanzania. Kwa awamu ya kwanza hiyo ni shilingi 40,000 kwa siku na isiyozidi shilingi 400,000. Iko chini ya hasara yetu ya kweli, na ndiyo maana ingesimama mbele ya hakimu.

Tarehe nazo zina mlango wa nyuma. Muuzaji yeyote mwenye uzoefu atataka siku zianze kuhesabiwa baada ya wewe kuidhinisha sampuli, na ana haki. Tulikubaliana kwamba tukipokea sampuli tunajibu ndani ya siku 2 za kazi, na kila siku tunayozidisha inasogeza tarehe zake siku moja. Kifungu kisichokuwa na kikomo cha kuidhinisha humpa muuzaji kisingizio cha msimu mzima, kwamba "tulikuwa tunawasubiri ninyi".

Kisha yale ya nje ya uwezo. Rasimu yake ya pili ilitaja mafuriko, ubovu wa barabara, kukatika kwa umeme, uhaba wa malighafi, ongezeko la bei ya malighafi na "sababu nyingine". Ukikubali orodha kama hiyo, kifungu cha adhabu umekifuta kwa mkono wako. Umeme na malighafi ni sehemu ya biashara ya kiwanda, ndiyo hatari anayolipwa kuibeba. Tuliviondoa. Mafuriko tuliyaacha, maana anayeishi kwenye reli ya kati anajua: kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata bonde la mto, na mvua kubwa zimeshakikata mara nyingi. Lakini tuliongeza masharti. Sababu ihesabike pale tu njia zote zinapokuwa zimefungwa, si reli peke yake wakati malori yanapita Manyoni na Itigi kama kawaida. Atoe taarifa kwa maandishi ndani ya saa 48, na ujumbe wa WhatsApp unatosha. Na hali hiyo ikizidi siku 21, kila upande unaweza kujitoa kwa awamu hiyo bila kudaiana adhabu.

Jambo moja zaidi la sheria, dogo kwa maneno na kubwa kwa pesa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinahusu mikataba ambayo muda ndio kiini chake. Mzigo ukichelewa unaweza kuukataa. Lakini ukiupokea, huwezi baadaye kudai fidia ya kuchelewa isipokuwa kama ulitoa taarifa, wakati wa kupokea, kwamba utadai. Watu wengi hupoteza adhabu yao hapo hapo mlangoni mwa ghala. Lori limefika usiku, kila mtu amefurahi, mtunza ghala anasaini hati ya makabidhiano na kuandika "umepokelewa vizuri". Tuliandika mkatabani kwamba muda ni kiini cha makubaliano, na mtunza ghala akapewa sentensi ya kuandika kwenye hati kila mzigo ukipita tarehe: "Tumepokea mzigo uliochelewa na tunadai fidia kwa mujibu wa mkataba." Amebandika kikaratasi hicho ukutani juu ya meza yake.

Mlango wa kutokea

Adhabu ikifika kikomo, muuzaji hana tena sababu ya kuharakisha. Kwa hiyo hapo hapo kikomo kinapoishia ndipo haki ya kutoka inapoanzia. Kwetu: siku 3 za bure, siku 10 za adhabu, na kuanzia siku ya 14 tunaweza kufuta awamu iliyochelewa peke yake au mkataba wote. Hayo mawili ni tofauti. Mara nyingi hutaki kuachana na muuzaji katikati ya msimu, unataka tu uhuru wa kununua chupa za awamu ile kwingine bila kuja kuletewa mbili kwa mpigo.

Kuna aina ya mchelewaji ambaye kifungu hiki hakimkamati, anayechelewa siku 9 kila mara. Anakatwa kidogo, anaendelea, na wewe msimu unakuishia. Tukaongeza kwamba awamu mbili zikichelewa zaidi ya siku 7 kila moja, tunaweza kuondoka. Ubora nao una mlango wake: tunachukua chupa 100 kutoka maboksi tofauti, tunajaza asali, tunafunga na kuzilaza kichwa chini usiku kucha. Zikivuja zaidi ya 3, awamu inarudi kwa gharama zake na siku zinaendelea kuhesabiwa.

Kutoka bila sababu kuliruhusiwa pande zote kwa notisi ya siku 30, isipokuwa kwamba yeye hawezi kuitumia kwa awamu aliyokwisha kupokea malipo yake ya awali. Bila hilo, mteja mkubwa akijitokeza Mei na bei nzuri, sisi ndio tungepokea notisi.

Swali la mwisho la kutoka ni nani anabaki na nini. Malipo ya awali ya awamu iliyofutwa yanarudi ndani ya siku 14. Lakini kulikuwa na moldi, ile kalibu ya chuma inayoipa chupa umbo lake. Chupa yetu ina mchoro wa nyuki begani, na moldi yake iligharimu shilingi 2,000,000 ambazo tulilipa sisi. Iko kiwandani kwake, na kiwandani kwake ndiko ingeendelea kukaa tukigombana. Kuandika "moldi ni mali ya mnunuzi" ni lazima, pamoja na katazo la kumtengenezea mwingine chupa ileile, ila maandishi hayabebi chuma kutoka Dar mpaka Tabora. Tulirudi kwenye njia ileile ya malipo. Nusu ya moldi ililipwa kabla, na nusu, shilingi 1,000,000, ikawekwa ilipwe pamoja na awamu ya tatu, au siku ya kukabidhiwa moldi kama mkataba ukivunjika mapema. Kwa hiyo mpaka awamu ya mwisho hakukuwa na siku ambayo alikuwa na moldi yetu huku sisi hatuna chochote chake.

Mahakama ya wapi? Alitaka Dar es Salaam, tukataka Tabora. Tuliandika usuluhishi wa siku 14 kwanza, kisha mahakama ya mahali anapoishi mdaiwa. Sikulipigania. Anayeshika pesa ya mwisho mara nyingi ndiye anayeshtakiwa, si anayeshtaki. Mkataba ukalipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu hati inayotakiwa kulipiwa ushuru huo isipolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ulipe na faini yake.

Awamu ya kwanza ilifika ndani ya zile siku za bure. Ya pili ndiyo iliyoujaribu mkataba. Tarehe 14 Juni, siku moja kabla ya muda, lori lilishusha chupa 6,000, safi, bila kifuniko hata kimoja. Mtunza ghala akaandika kwenye hati: "Chupa tu, seti hazijakamilika." Vifuniko na vizibo vilifika tarehe 24, akaandika ile sentensi ya ukutani.

Siku 9 za kuchelewa, toa 3, zinabaki 6. Awamu ina thamani ya shilingi 3,000,000, asilimia 1 ni 30,000, kwa hiyo adhabu ni 180,000. Asilimia 30 ya mwisho ilikuwa shilingi 900,000. Tulimtumia shilingi 720,000 pamoja na karatasi ya hesabu na picha za hati zote mbili.

Alipiga jioni ileile. "Dada, chupa si mlizipata mapema? Mwenye vifuniko ndiye aliyeniangusha, umeme ulikatika kwake." Nikamwambia, "Kaka, soma kifungu cha seti, halafu ona umeme ulivyoondolewa kwenye orodha." Kimya kidogo, akacheka, akauliza kama tunaweza kugawana nusu. Hatukugawana. Tungesamehe bila maandishi, awamu ya tatu ingekuja na vifuniko vya Agosti, na kila mara angekumbuka kwamba hesabu yetu inasogea. Ila zile 720,000 tulikuwa tumezitoa siku ya tatu badala ya kungoja ya saba, na hilo nalo alilitaja.

Awamu ya tatu ilifika tarehe 13 Julai, kamili. Tukamlipa asilimia 30 yake na nusu ya moldi iliyobaki.

Sasa tunajadili msimu ujao. Anapendekeza seti iwe shilingi 520 ili aweke akiba ya vifuniko kiwandani, yaani shilingi 400,000 juu ya oda nzima. Sisi tumejibu kwamba vifuniko vyote 20,000 vije na awamu ya kwanza, kwa kuwa havichukui nafasi kubwa ghalani. Amekubali, kwa sharti kwamba vifuniko vilipiwe vyote mbele, shilingi 60 kila kimoja. Hiyo ni shilingi 1,200,000 itakayotoka kwetu kabla hatujaona hata chupa moja, mbali na malipo ya awali ya awamu yenyewe. Nimemwambia tutalipa nusu, na nusu vikishahesabiwa Ipuli. Hajajibu bado.